Kabla Hujagusa Kabureta, Sikiliza Ekzosi

Kijiwe chochote cha bodaboda kina pikipiki zenye sauti mbili ambazo madereva wamezizoea kiasi cha kutozisikia tena. Ya kwanza ni "tik-tik-tik" kavu inayotoka mbele ya injini asubuhi, pikipiki ikiwa bado baridi, kisha hupungua au kupotea kabisa baada ya safari ya kwanza. Ya pili ni "pa! pa-pa!" inayotoka nyuma dereva anapoachia mafuta akikaribia kona au akiteremka mlima. Mafundi wenye haraka wana majibu tayari: ya kwanza ni tapeti, ya pili ni kabureta. Tapeti zinasetiwa, kabureta inaoshwa, pesa inalipwa, na kesho yake sauti zote mbili zipo palepale.

Mara nyingi chanzo cha zote mbili ni kimoja, na kipo mahali ambapo hakuna aliyetazama: pale bomba la ekzosi linapoungana na injini. Pikipiki ninazozungumzia ni zile za kawaida barabarani kwetu, zenye silinda moja, injini ya mipigo minne, ukubwa wa sisi 100 hadi 150, nyingi zikiwa bado na kabureta.

Watu wengi hudhani ndani ya bomba la ekzosi moshi unasukumwa kwenda nje wakati wote, kwa hiyo tundu likitokea litatoa moshi tu. Sivyo ilivyo. Valvu ya kutolea moshi inapofunguka, ndani ya silinda bado kuna gesi yenye moto mkali na shinikizo lililo mara kadhaa ya lile la hewa ya nje. Gesi hiyo inachomoka kwa kishindo kimoja, na kishindo hicho kinasafiri kama wimbi hadi mwisho wa bomba. Nyuma yake panabaki upungufu wa shinikizo, na kwa muda mfupi sana bomba karibu na injini linavuta badala ya kusukuma. Kisha valvu inafunguka tena na mzunguko unaanza upya. Ndiyo maana tundu lililo karibu na injini hufanya kazi mbili kwa zamu: linapuliza moshi nje, halafu linafyonza hewa ya nje na kuiingiza ndani.

Tukianza na kule kupuliza, ndiko kunakotoa "tik-tik". Injini ya mipigo minne ikinguruma polepole kwa mizunguko 1,400 kwa dakika hufungua valvu ya kutolea moshi mara 700 katika dakika hiyo, yaani karibu mara 12 kwa sekunde. Kila inapofunguka, gesi kidogo inachomoka kwenye upenyo na kutoa mlio. Tapeti iliyolegea nayo hugonga mara moja kwa kila kufunguka kwa valvu, kwa mwendo uleule. Sikio haliwezi kuzitenganisha kwa kasi peke yake, na hapo ndipo fundi mzuri kabisa anaweza kudanganyika. Kinachozitenganisha ni joto na mzigo. Chuma cha bomba na cha kichwa cha injini vikipata moto hutanuka na kuziba upenyo mdogo, kwa hiyo mlio wa uvujaji hupungua pikipiki ikishapasha, na hurudi kwa nguvu ukipanda mlima na abiria. Tapeti iliyolegea haina tabia hiyo. Mlio wake hausubiri mzigo, na haufifii kwa namna hiyo injini ikipata moto.

Kule kufyonza ndiko kunakoleta milipuko. Unapoachia mafuta ghafla huku magurudumu bado yanaizungusha injini, hewa inayoingia kwenye silinda ni kidogo mno na mchanganyiko wa petroli na hewa hauwaki vizuri. Mara cheche inauwasha, mara unapita bila kuwaka na kutoka na petroli yake hadi kwenye bomba. Bomba lina moto wa kutosha kuwasha petroli hiyo, lakini moto unahitaji oksijeni, na bomba zima huwa na oksijeni kidogo. Ikiwepo gasketi iliyoliwa, kila mfyonzo unaleta hewa safi. Petroli, joto na oksijeni vikikutana ndani ya bomba, unasikia "pa!". Ukivuta mafuta tena mchanganyiko unawaka ndani ya silinda kama inavyotakiwa, na milipuko inakoma.

Huu ni mlipuko wa nyuma, ndani ya ekzosi. Kuna mwingine wa mbele, pale injini inapokohoa kupitia kwenye kabureta ukivuta mafuta ghafla. Huo hausababishwi na gasketi ya ekzosi. Chanzo chake ni upungufu wa petroli, valvu ya kuingiza isiyofunga, au cheche inayokuja wakati usiofaa. Mwenye pikipiki akimwambia fundi "inalipuka" bila kusema inalipukia wapi na wakati gani, anamtuma akatafute gizani.

Nilitazama kazi kama hii mwanzo hadi mwisho kwenye gereji ndogo jijini Tanga. Kijana alileta pikipiki ya sisi 125 iliyokuwa na "tik-tik" asubuhi na milipuko mchana kutwa.

"Shikamoo mzee. Tapeti nimeshasetiwa mara mbili, na kabureta imeoshwa juzi tu. Bado inapiga."

"Marahaba. Zima hiyo, mwanangu. Iache ipoe kabisa, ndiyo tuzungumze."

Injini ilipopoa, mzee aliisogeza pikipiki nje ya banda. Hilo lilikuwa jambo la maana. Moshi wa petroli una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na ndani ya banda lililofungwa inaweza kumwangusha mtu kabla hajajua kinachomsibu. Alikunja kitambaa kizito, akawasha injini na kukibana kitambaa kwenye tundu la mwisho la ekzosi kwa sekunde chache. Ekzosi isiyovuja ikizibwa hivyo, injini hulemewa na mara nyingi huzima, na kitambaa husukumwa kwa nguvu. Ile ya kijana iliendelea kunguruma bila wasiwasi, huku kwenye shingo ya bomba, chini kidogo ya kichwa cha injini, ikisikika "fsss" ya wazi. Mzee alizima injini akamwonyesha kijana ushahidi ambao ungeweza kuonekana hata kabla ya kuwasha: mstari wa masizi meusi uliotokea kwenye kiungo na kupanda juu ya mapezi ya kichwa cha injini. Kiungo kinachofunga vizuri hakiachi masizi.

Kiungo chenyewe ni kitu rahisi. Kuna pete ya gasketi, mara nyingi ya shaba au ya chuma chembamba chenye ujazo ndani, inayokaa kwenye mdomo wa kutokea moshi. Bomba linaikandamiza, na kikombe cha chuma kinavutwa na nati mbili zilizo kwenye stadi mbili. Gasketi hiyo hufanya kazi kwa kupondeka. Ikishapondeka mara moja inachukua umbo la pale ilipokaa, na ukiifungua kisha ukairudisha haipondeki tena kwa namna ileile. Bei yake ni ndogo, lakini ndiyo inayorudishwa kuukuu kuliko kifaa kingine chochote.

Swali la maana zaidi lilikuwa kwa nini gasketi ile iliharibika. Mzee aliishika ekzosi kwa nyuma na kuitikisa, nayo ikayumba. Boliti inayoishikilia kwenye fremu ilikuwa imekatika siku nyingi, na mahali pake palifungwa waya. Uzito wote wa sailensa ulikuwa unaning'inia kwenye shingo ya bomba, na kila shimo la barabarani lilikuwa linachokonoa kiungo cha mbele. Gasketi mpya bila boliti mpya isingemaliza mwezi.

Kisha ikaja kazi ya nati. Nati za hapo hupikwa na moto kila siku na kushikana na stadi kwa kutu, na ukizilazimisha stadi inakatika ndani ya kichwa cha injini. Hapo kazi ya dakika 20 inageuka kuwa ya siku nzima. Mzee alipaka mafuta ya kupenya kutu, akasubiri, akairudisha nati mbele kidogo na nyuma kidogo mpaka ikakubali. Alikwangua mdomo wa kutokea moshi hadi mabaki ya gasketi ya zamani yakaisha, maana watu wengine hupachika pete mpya juu ya ya zamani iliyoganda humo, na bomba halikai sawa tena. Akaweka pete mpya, akazirudisha nati mbili kwa vidole tu, kisha akaenda nyuma kufunga boliti ya fremu nayo ikiwa bado imelegea. Ndipo akarudi mbele kukaza nati kwa zamu, robo mzunguko huku, robo mzunguko kule, na boliti ya nyuma akaikaza mwisho.

Mpangilio huu una sababu. Ukikaza nyuma kwanza, bomba linavutwa upande na linaingia kwenye mdomo likiwa limepinda kidogo. Gasketi inapondeka upande mmoja na kubaki wazi upande wa pili, na chuma kinabaki na mkazo ambao baadaye unageuka kuwa ufa. Nati nyingi za hapo ni ndogo, za milimita 6, na hazihitaji nguvu za bega.

Kijana aliuliza kama asingeweza kupaka silikoni nyekundu tu. Silikoni ile, hata iliyoandikwa kuwa ni ya moto mkali, huishia kwenye nyuzi joto 300 hivi, na moshi unaotoka kwenye mdomo wa injini hupita hapo kwa mbali. Pale itaungua na kutoka vipande vipande. Inaweza kufaa nyuma, kwenye maungio yaliyo mbali na injini, ambako moshi umeshapoa.

Injini ilipowashwa "tik-tik" ilikuwa imekwisha. Barabarani milipuko ilipungua sana, lakini haikuisha yote. Fundi wa haraka angerudi kwenye kabureta hapohapo, lakini mzee aliinama akaangalia mrija wa mpira unaoingia kwenye kichwa cha injini karibu na mdomo wa moshi.

Pikipiki nyingi za miaka ya karibuni zina valvu ndogo inayoingiza hewa safi kwenye mdomo wa kutokea moshi kwa makusudi, ili mabaki ya petroli yamalizikie kuungua humo na moshi uwe safi zaidi. Waliotengeneza mfumo huu walijua kwamba hewa hiyo ingeleta milipuko dereva akiachia mafuta. Kwa hiyo waliweka kimrija chembamba kinachotoka upande wa kabureta, na mfyonzo mkali wa injini wakati mafuta yameachiwa unaifunga valvu hiyo. Kimrija kikipasuka, valvu haifungi na hewa inaendelea kuingia wakati mbaya kuliko wote. Kipimo chake hakihitaji kifaa. Unaubana mrija mnene wa hewa kwa muda, unaipeleka pikipiki barabarani, na ukiachia mafuta kukawa kimya, umempata mhalifu. Kimrija cha pikipiki ile kilikuwa kimepasuka kwenye kona, ufa usioonekana mpaka ukikunje. Kilipobadilishwa, milipuko iliisha. Ingebaki, hapo ndipo ingefaa kufungua kabureta na kutazama kijeti kidogo cha mwendo wa polepole, na pia mpira unaoiunganisha kabureta na injini kama umepasuka.

Na nguvu je? Kijana alikuwa na uhakika kwamba pikipiki yake ilikuwa imepoteza nguvu. Tundu dogo la gasketi kwenye pikipiki ya kabureta hupunguza nguvu kidogo sana, kiasi ambacho dereva huenda asikihisi. Sauti kali na milipuko humfanya aone injini imechoka hata pale inapovuta karibu kama zamani. Tundu lililo nyuma kabisa, kwenye mkia wa sailensa, halipunguzi kitu cha maana, linaongeza kelele tu. Uvujaji mkubwa karibu na injini ndio unaovuruga yale mawimbi ya shinikizo, na athari yake huonekana zaidi kwenye mwendo wa chini na wa kati, pale unapoondoka na abiria au mzigo.

Kwenye pikipiki za sindano za petroli zenye kihisi cha oksijeni kwenye bomba, mambo hubadilika. Uvujaji ulio kati ya injini na kihisi huleta hewa ya nje hadi kwenye kihisi, nacho kinatoa taarifa kwamba injini ina hewa nyingi kuliko petroli. Kompyuta inaiamini taarifa hiyo na kuongeza petroli ambayo injini haikuihitaji. Dereva anaona tangi linaisha mapema, plagi inatoka nyeusi kwa masizi, na injini inavuta kwa uzito. Anabadilisha plagi, na baada ya muda ile mpya nayo inakuwa nyeusi. Hapa pete ya shaba ya mbele inaweza kuwa imesababisha gharama ambayo hakuna anayeihusisha na ekzosi.

Kutu nayo ina hesabu yake. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji, ambayo hutoka kama mvuke. Safari ndefu hupasha ekzosi yote na mvuke unatoka wote. Safari fupi za mtaani, kuwasha na kuzima, huiacha sailensa ikiwa vuguvugu tu, mvuke unageuka maji na kutuama kwenye tumbo la chini, ukiwa umechanganyika na asidi zinazotokana na moshi. Kwa hiyo sailensa nyingi huoza kutoka ndani. Kwa nje rangi bado inang'aa, siku moja unaigusa kwa bisibisi chini na bisibisi inazama. Wanaokaa Tanga, Mombasa au Unguja wana chumvi ya bahari inayokula kutoka nje pia, kwa hiyo chuma kinashambuliwa pande zote mbili.

Kwa sababu hiyo sailensa nyingi hutoka kiwandani na kitundu kidogo chini, cha kutolea maji. Kinatoa moshi kidogo na tone la maji asubuhi, na mwenye pikipiki akikiona hudhani ni kutu imetoboa. Kwenye ile pikipiki ya Tanga kilikuwa kimezibwa kwa kuchomelewa. Mzee alipokizibua kwa waya yalitoka maji ya rangi ya chai ya rangi pamoja na magamba ya kutu.

Magamba hayo ni tatizo jingine. Ndani ya sailensa ya kawaida kuna vyumba vilivyotenganishwa kwa sahani za chuma na vimirija vinavyouzungusha moshi. Kutu ikila sahani, kipande kinaachia na kuanza kugonga ndani. Ukiipiga sailensa baridi kwa kiganja utasikia kama kokoto. Kipande kikikaa vibaya kinaziba njia, na hapo nguvu hupotea kweli: pikipiki inaondoka vizuri, lakini ukivuta mafuta hadi mwisho haifiki mwendo wake wa zamani. Ni dalili ya kinyume na ile ya uvujaji, na haiji na kelele, kwa hiyo huchelewa kutambuliwa.

Kuna sailensa za aina nyingine, zile ambazo vijana hununua na kufunga badala ya ile ya kiwandani. Ndani yake kuna bomba moja lililonyooka lenye matundu mengi, limezungushiwa pamba ya faibaglasi, na vyote vimo kwenye kopo. Sauti inapenya kwenye matundu na kumezwa na pamba. Pamba hii huisha. Moto unaifanya ikauke na kukatika, moshi unaipeperusha vipande vipande, na unaweza kuona nyuzi zake kwenye mdomo wa nyuma. Sauti inageuka kutoka mngurumo mzito na kuwa kali yenye mlio wa debe, na kopo linapata moto kuliko zamani hadi rangi yake inabadilika, kwa kuwa pamba ndiyo iliyokuwa ikizuia joto. Nguvu ya injini haibadiliki kwa kiasi cha kujali. Kuhusu milipuko, pamba iliyoisha haiianzishi. Inaondoa tu kile kilichokuwa kinaificha, na mlipuko mdogo uliokuwepo siku zote unasikika mtaa mzima.

Kuirudishia pamba ni kazi ya jioni moja. Riveti za kifuniko zinatobolewa kwa drili na bomba la ndani linachomolewa. Masizi yanasuguliwa kwa brashi ya waya mpaka matundu yawe wazi yote, maana yaliyoziba hayapitishi sauti hata pamba ikiwa mpya. Baadhi ya mafundi hutanguliza tabaka jembamba la waya laini wa stenlesi ili pamba isiguswe na moto moja kwa moja. Ule wa kawaida wa kusugulia masufuria huungua na kuoza upesi. Kisha pamba inazungushwa sawasawa hadi iingie kwenye kopo kwa kubanana kidogo bila kushindiliwa. Ikilegea inapeperushwa, na ikishindiliwa sana haimezi sauti. Pamba iwe ile ya ekzosi. Ya kuzuia joto kwenye dari za nyumba ina gundi inayoungua na nyuzi fupi zinazotoka mapema, na matambara hayafai kabisa. Anayefanya kazi hii avae glavu na barakoa, nyuzi hizo huwasha ngozi na hazifai kuvutwa.

Wapo wanaochukua njia ya mkato, wanaitoboa sailensa ya kiwandani na kung'oa sahani za ndani wakiamini moshi ukitoka huru nguvu itaongezeka. Kabureta ya pikipiki ile ilipangiwa jeti zake kwa ekzosi ile. Moshi ukitoka kwa urahisi zaidi, mchanganyiko hubadilika na mara nyingi petroli inakuwa chache kuliko hewa: plagi inatoka nyeupe, injini inachemka, milipuko inazidi, na mvuto wa mwendo wa chini, ule unaotumika kupakia abiria, hupungua. Kinachoongezeka kwa hakika ni kelele, na watoto waliolala kwenye nyumba za kando ya barabara hawakuiomba.

Bomba lililotobolewa na kutu linaweza kuchomelewa, ila kwa mpaka. Chuma cha bomba hizi ni cha milimita moja hivi kikiwa kipya. Ukichomelea juu ya kutu, moto unatoboa pembeni na tundu moja linakuwa matatu. Inabidi kukata hadi kwenye chuma kizima, kisha kuweka kiraka cha bati la unene unaolingana. Bomba lifunguliwe kwanza litoke kwenye pikipiki, kwa sababu umeme wa mashine ya kuchomelea unaweza kuharibu vifaa vya umeme vya injini. Gonga kwa mpini wa bisibisi kuzunguka tundu. Palipo pazima hulia, palipooza hutoa sauti butu. Ikiwa sauti butu imezunguka zaidi ya upana wa viganja viwili, kuchomelea ni kupoteza pesa, na sailensa nyingine itafutwe. Ikifungwa, pikipiki iendeshwe mpaka ipate moto, iachwe ipoe, na nati mbili za mbele zikazwe tena kidogo, kwa sababu gasketi mpya hujipanga baada ya moto wa kwanza na kuziacha zimelegea.